Hewa Inaingia, Tatizo Ni Kutoka

Mzee mmoja fundi mwashi, mwenye miaka 62, aliletwa kwenye kliniki yetu ya kifua na binti yake. Alikuwa ameshapimwa makohozi mara mbili kutafuta kifua kikuu, hakikuonekana, akapewa vidonge vya antibiotiki, na bado akipanda ngazi za msikiti analazimika kusimama katikati. "Daktari, hewa haiingii," akaniambia, akiwa ameshika magoti.

Nikamwomba aketi, nikampa kipimo cha kupuliza, kiitwacho spiromita. Unavuta pumzi mpaka mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zote mpaka kifua kiishe. Kwanza tulimpa dawa ya kutanua njia za hewa, tukasubiri dakika 15, ndipo akapuliza. Jumla alitoa lita 2.8, lakini katika sekunde ya kwanza ilitoka lita 1.4 tu, yaani nusu. Isipofika asilimia 70 hata baada ya dawa, njia za hewa zimeziba. Kwa mtu aliyevuta pakiti moja kwa siku miaka 35, jibu lilikuwa wazi: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaoandikwa COPD kwenye kadi.

Mgonjwa anahisi hewa haiingii, kumbe kazi ngumu ni kuitoa. Vijia vidogo ndani ya mapafu havina mifupa. Vinashikiliwa wazi na nyuzi zinazovutika, kama kamba zinavyoshikilia hema. Moshi wa miaka mingi umezikata nyuzi hizo, na kuta za vijia zimevimba na kujaa makohozi. Unapotoa pumzi, vijia vinajikunja kabla hewa haijaisha, na nyingine inabaki humo.

Wewe mzima jaribu hivi: vuta pumzi ndefu, toa kidogo tu, vuta tena juu yake, toa kidogo, vuta tena. Mara ya tatu kifua kimejaa, mabega yamepanda, na hofu imeanza. Mzee wangu anaishi hivyo kila anapobeba ndoo ya maji. Na akihema harakaharaka, ndivyo anavyozidi kujaza, kwa sababu hajipi muda wa kutoa.

Kwa hiyo nilimfundisha kutoa pumzi. Vuta kwa pua taratibu, ukihesabu moja, mbili. Kunja midomo kama unapooza chai, toa polepole ukihesabu mpaka nne, bila kukamua kifua. Midomo iliyokunjwa inarudisha msukumo kidogo ndani, na vile vijia vinakaa wazi muda mrefu zaidi. Kwenye ngazi, vuta ukiwa umesimama, panda huku unatoa. Ukizidiwa, keti, inama mbele, viwiko juu ya magoti. Lakini kama huwezi kumaliza sentensi, midomo imegeuka rangi, au unasinzia na kuchanganyikiwa, hapo si pa mazoezi tena, wahi hospitali.

Tukaja kwenye sigara. "Nimeshapunguza," akasema, "kutoka ishirini hadi tano." Binti yake akacheka: "Baba, hizo tano unazivuta mpaka unaungua vidole." Na kweli. Mwili uliozoea nikotini huidai ile ile, kwa hiyo mtu huvuta kwa kina zaidi na kushikilia moshi ndani. Nilimuuliza ya kwanza anaivuta saa ngapi. Kabla ya kunawa uso. Anayevuta ndani ya nusu saa tangu kuamka ameshikwa sana, na kumwambia ajikaze tu ni kumwonea.

Tulichagua siku, Jumamosi, asipokuwa saiti. Tulimpa bandiko la nikotini la kubandika begani (si kila duka la dawa linalo). Chai ya asubuhi akahamia kuinywa ndani na mkewe, maana barazani mkono ulikuwa unatafuta pakiti wenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo zilizokuwa mbaya: hasira, usingizi wa mang'amung'amu. Hamu ikimjia hudumu dakika chache tu, naye alikuwa akizipitisha kwa ile pumzi ya kupooza chai.

Wiki ya pili akapiga simu. Anakohoa kuliko zamani, labda sigara ilikuwa inamsaidia? Hapana. Vinyweleo vinavyofagia makohozi, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, vimeanza kazi tena. Ila makohozi yakiongezeka na kugeuka kijani huku pumzi ikizidi kubana, aje. Hayo ni mashambulizi ya ugonjwa wenyewe.

Nilimwonya mapema kwamba nyuzi zilizokatika hazioti tena. Mapafu ya kila mtu mzima hupoteza kama mililita 30 za hewa ya sekunde ya kwanza kwa mwaka. Ya mvutaji aliyeshikwa na ugonjwa huu hupoteza karibu maradufu. Akiacha, mwendo unarudi kuwa kama wa wengine.

Baada ya mwaka akapuliza tena: lita 1.4. Akanitazama kwa masikitiko, "Haijapanda, daktari." Nikamwambia, mzee wangu, mimi nilikuwa naogopa isije ikawa imeshuka.