Kukata maneno ya kujihami bila kukosa adabu: dhana potofu na ukweli

Tuchukue ujumbe wa aina inayotumwa kila siku. Mwenye karakana ya ushonaji anamwandikia mwalimu mkuu wa shule aliyoishonea sare:

"Shikamoo Mwalimu. Samahani sana kwa usumbufu, najua una majukumu mengi. Nilikuwa tu naomba kukumbushia kidogo lile suala letu la malipo ya zile sare, kama itawezekana labda wiki hii, au hata wiki ijayo si mbaya, maana kusema kweli na sisi huku hali imekuwa ngumu kidogo. Ila kama bado haijakaa vizuri hamna shida. Asante sana na samahani tena."

Ujumbe ni wa heshima, hilo halina ubishi. Lakini umejaa maneno ya kujihami kama "labda" na "kidogo", hauna kiasi, hauna tarehe, na sentensi yake ya mwisho kabla ya shukrani imeshasamehe deni kwa mwezi mzima. Wengi wanaoandika hivi wanajua kwamba hauna nguvu. Wanauacha hivyo kwa sababu ya mambo wanayoyaamini kuhusu adabu, na mengi kati ya hayo si kweli.

Dhana: Kadiri unavyojishusha ndivyo unavyoonyesha adabu

Katika Kiswahili adabu ina makao yake yanayojulikana: salamu, jina la kumwitia mtu, na umbo la kitenzi cha ombi. "Shikamoo Mwalimu" peke yake imeshaonyesha nani mkubwa na nani mdogo. Ukiongeza "poleni na mitihani", umeonyesha pia kwamba unajua mwenzako yuko katika kipindi gani. Hayo yaache. Si maneno ya kujaza nafasi, ni salamu, na ukiyakata ndipo utakapoonekana umekuja na ukali.

Maneno ya kukata ni yale yaliyokaa kati ya salamu na shukrani, yaani ndani ya ombi lenyewe. Hapo hayaongezi heshima, yanaongeza shaka. Turudi kwenye ujumbe wa sare, tuone kila moja linafanya nini.

"Samahani kwa usumbufu" linamfanya anayedai aonekane ndiye mkosaji. Likirudiwa mwishoni, linamwambia msomaji kwamba hata mwandishi anaona hakupaswa kuandika. "Lile suala letu la malipo ya zile sare" linategemea kumbukumbu ya mwalimu, na mwalimu mkuu ana wazabuni wengi. Ikibidi atafute ni sare zipi na ni kiasi gani, ataahirisha. "Wiki hii, au hata wiki ijayo si mbaya" linatoa tarehe mbili, na mtu akipewa tarehe mbili za kulipa huchukua ya mbali. "Kidogo" limetumika mara mbili, na mara zote mbili limepunguza kitu kilichopaswa kuwa na uzito: kwanza ombi, kisha sababu yake. Halafu "hamna shida" linafuta kila kilichotangulia.

Ujumbe uleule ukisafishwa:

"Shikamoo Mwalimu. Poleni na mitihani. Naomba malipo ya salio la sare 40 tulizoleta tarehe 12 Mei. Jumla ilikuwa Sh 960,000, mmeshalipa Sh 480,000, salio ni Sh 480,000. Ankara nimeambatisha. Naomba salio lilipwe kufikia Ijumaa tarehe 30 Mei, kwa sababu siku hiyo tunalipia kitambaa cha oda inayofuata. Kama tarehe hiyo haitafaa, naomba unitajie tarehe itakayofaa. Asante sana."

Haukupungua kwa urefu, na hilo halikuwa lengo. Nafasi iliyokuwa imejaa "labda" na "kidogo" sasa ina kiasi, tarehe na sababu. Angalia pia sentensi ya mwisho kabla ya shukrani. Inampa mwalimu mlango wa kutokea, kama "hamna shida" ilivyompa, ila huu unamtaka ataje tarehe yake mwenyewe.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama ujumbe wa namna hii umekaa sawa. Jiulize: mwalimu akiupeleka kwa mhasibu wa shule kama ulivyo, mhasibu ataweza kufanya malipo bila kuuliza swali lolote? Ule wa kwanza ungezaa maswali matatu hivi. Huu wa pili hauna swali.

Dhana: Ukikata hayo yote utabaki na amri

Hofu hii ina msingi, kwa sababu wapo wanaokata kupita kiasi. Wamesikia ushauri wa "andika moja kwa moja", wakafuta hadi salamu na "naomba", wakabaki na "Lipa salio Ijumaa." Hapo kweli wamekosa adabu, na hakuna aliyewatuma wafike huko.

Kitenzi cha Kiswahili kina ngazi kadhaa, na kila ngazi ni fupi. "Lipa salio" ni amri tupu, ya mzazi kwa mtoto au ya hatari: simama, kimbia. "Ulipe salio" imepoa, inafaa kwa mtu mliyezoeana au unayemsimamia kazini. "Naomba ulipe salio" inafaa kwa karibu kila mtu. "Naomba salio lilipwe" inamwondoa kabisa msomaji kwenye kitenzi, na ndiyo iliyochaguliwa kwa mwalimu mkuu, kwa sababu si yeye atakayehesabu pesa bali ofisi yake. Tofauti ya heshima kati ya ngazi ya kwanza na ya mwisho ni kubwa, na imepatikana kwa neno moja la ziada na umbo la kitenzi tu.

Ngazi hiyo ya mwisho ina tatizo lake. Ukiitumia kwenye kundi la watu wengi, hakuna atakayejiona anahusika. "Naomba ukumbi uandaliwe kabla ya saa mbili" kwenye kundi la kamati lenye watu 15 ina maana kwamba ukumbi hautaandaliwa. Pale taja mtu: "Dada Katibu, naomba uandae ukumbi kabla ya saa mbili."

Neno "tafadhali" nalo linahitaji uangalifu. Wengi huliweka mbele ya amri wakidhani limeipoza. "Tafadhali lipa deni lako" inasomeka kama tangazo lililobandikwa ukutani. Kwenye ujumbe wa mtu kwa mtu, "naomba" na kitenzi cha kuishia na -e vinabeba upole zaidi kuliko "tafadhali" na amri. Nchini Kenya "nisaidie na" hufanya kazi hiyohiyo: "nisaidie na ripoti ya Machi kufikia kesho" ni ombi la heshima, tena limeshakamilika. Halihitaji "kama hutajali" nyuma yake.

Dhana: "Nilikuwa naomba" ni laini kuliko "naomba"

Kwenye mazungumzo ya mdomo inasikika hivyo, kwa sababu sauti na uso vinasaidia. Kwenye maandishi, wakati uliopita unasomeka kama wakati uliopita: ulikuwa unaomba, je, sasa? Msomaji mwenye shughuli atadhani jambo limeshapatiwa ufumbuzi, au halina haraka. "Naomba" tayari ni neno la upole, na kulirudisha nyuma hakuliongezei chochote.

Ndugu yake ni ule mlundikano wa -nge-: "Ningependa kuomba kama ungeweza kuangalia uwezekano wa kunitumia." Ombi liko kwenye neno la mwisho kabisa. Ukitaka -nge- kwa ajili ya mtu mkubwa, moja inatosha: "Ningeomba unitumie."

Dhana: "Labda", "nadhani" na "huenda" ni udhaifu, futa yote

Hapana. Shaka ya kweli lazima iandikwe, na fundi au daktari anayeificha anadanganya. Kinachoharibu ni kuisambaza hadi kwenye mambo yasiyo na shaka. Fundi wa pampu akiandika "Nadhani labda pampu inaweza kuwa ina shida", mteja hajui kama pampu imepimwa au la. Aandike: "Pampu haivuti maji. Huenda mota imeungua. Nitaipima kesho saa nne asubuhi na kukujulisha kabla ya saa sita." Sentensi ya kwanza ni jambo aliloliona kwa macho, haina "labda". Ya pili ni dhana yake, na imebeba "huenda" moja. Ya tatu inasema shaka itaisha lini.

Vivyo hivyo kwa "Inshallah". Kwa mwenye imani si neno la kujaza nafasi, na kumshauri mtu alifute ni kumkosea. Kinachohitajika ni kuliweka karibu na saa: "Nitaleta Jumatatu saa tatu asubuhi, Inshallah" ni ahadi. "Tutaangalia, Inshallah" inamwacha mtu akisubiri asichokijua.

Kukataa nako kunaingia hapa. "Nitajaribu kuona" huonekana kuwa kukataa kwa upole, lakini mwenzako ataweka mipango juu yake, kisha akwame siku yenyewe. "Samahani Kaka, Jumamosi sitaweza, nina msiba. Jumatatu jioni nipo" ina upole zaidi kwa sababu inamwachia muda wa kutafuta mwingine. Samahani hiyo ni halali: moja, na kwa jambo la kweli.

Dhana: Barua rasmi haiwezi kukatwa

Vichwa vya barua rasmi viache: kumbukumbu namba, tarehe, YAH: au KUH:. Kama ofisi yenu inataka "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu", iandike, ni sentensi moja. Baada ya hapo uhuru ni wako. "Napenda kuchukua nafasi hii kukujulisha kwamba" inaondoka yote, kwa kuwa barua yenyewe ndiyo inayojulisha. "Katika suala zima la ukusanyaji wa michango" inakuwa "kuhusu michango". "Ili tuweze kufanikisha zoezi la ulipaji wa wafanyakazi" inakuwa "ili tuwalipe wafanyakazi". Hakuna heshima iliyopotea, maana haikuwepo humo tangu mwanzo.

Dhana: Usipojibiwa, ama uombe radhi zaidi ama uwe mkali

Ujumbe wa pili hauhitaji chochote kati ya hivyo. Wengi huanza na "samahani kwa kukusumbua tena", na wengine huanza na "nimeshakuandikia mara ngapi". Vyote viwili vinamhamisha msomaji kutoka kwenye malipo hadi kwenye hisia za mwandishi. Rudia kiasi, taja tarehe iliyopita, omba tarehe mpya:

"Shikamoo Mwalimu. Habari za tangu Ijumaa? Salio la sare, Sh 480,000, lilikuwa lilipwe tarehe 30 Mei na bado halijatufikia. Naomba unijulishe litalipwa tarehe ngapi, ili nizungumze na muuza kitambaa. Ankara nimeiambatisha tena. Asante."

Neno "bado" hapo halimshutumu mtu. Kama mhasibu ameshatuma na benki imechelewesha, mwalimu anaweza kujibu bila kujitetea.