Nukta-mkato, "hata hivyo" na koma inayoamua nani analipa

Tuseme mwenye matatu na fundi wa gereji moja ya Barabara ya Kirinyaga wameandikiana makubaliano, na ndani yake mna sentensi hii:

"Viti vya mbele vitatengenezwa kwanza; hata hivyo vya nyuma vitalipiwa na mwenye gari."

Viti vya mbele vinalipiwa na nani? Mwenye gari atasema ni gereji, kwa sababu anasoma "hata hivyo" kama maneno ya kugeuza wazo: vya mbele tumemalizana, ila vya nyuma nitalipa mimi. Fundi atasoma "hata hivyo vya nyuma", yaani hata vile vya nyuma tulivyokwisha kuvitaja, navyo vitalipiwa na mwenye gari, sawa na vya mbele. Wote wawili wamesoma Kiswahili sanifu. Koma moja tu baada ya "hivyo" ingemaliza ubishi: "hata hivyo, vya nyuma vitalipiwa na mwenye gari" haina maana ya fundi hata kidogo.

Nahariri taarifa na barua za Kiswahili hapa Nairobi, na nukta-mkato inayofuatwa na "hata hivyo" ndiyo sehemu ninayoisahihisha kuliko nyingine yoyote. Makosa yake hayatokani na uzembe. Yanatokana na mambo ambayo watu wamefundishwa, au wamejifundisha, na wanayaamini.

Dhana: nukta-mkato ni koma ya kupumzika kwa muda mrefu zaidi.

Wengi tuliambiwa hivi darasani: ukifika kwenye koma pumua kidogo, ukifika kwenye nukta-mkato pumua zaidi. Kwa anayesoma kwa sauti, maelezo hayo si mabaya. Kwa anayeandika yanapotosha, kwa sababu pumzi haina kanuni. Mtu mmoja atapumua baada ya maneno matano, mwingine baada ya kumi na tano.

Ukweli ni kwamba nukta-mkato huangalia muundo. Inapounganisha, huunganisha vishazi huru viwili, yaani pande mbili ambazo kila mmoja ungeweza kusimama kama sentensi kamili. Kipimo chake ni rahisi: iondoe, weka kikomo mahali pake, kisha usome kila upande peke yake.

"Mvua ilinyesha usiku kucha; Barabara ya Mombasa ilijaa maji." Weka kikomo katikati, na pande zote mbili zinasimama. Nukta-mkato imekaa sawa.

"Kwa kuwa mvua ilinyesha usiku kucha; Barabara ya Mombasa ilijaa maji." Upande wa kwanza ukiachwa peke yake unaning'inia, msomaji anangoja uendelee. Hapo panatakiwa koma.

Kiswahili kina mtego wake hapa, na unawanasa hata waandishi wazuri. Kitenzi chetu hubeba nafsi na wakati ndani ya neno moja, kwa hiyo neno "alipofika" linaonekana limekamilika: mtendaji yumo, tendo limo. Lakini ile "-po-" imekigeuza kishazi kuwa tegemezi. Vivyo hivyo "wakifika" kwa sababu ya "-ki-". Ndiyo maana sentensi kama "Gavana alipofika ukumbini; wakazi walisimama" ni kosa, ingawa kila upande una kitenzi chenye nafsi. Usihesabu vitenzi. Angalia kama ndani ya kitenzi mna kiungo kinachokifunga kwenye kishazi kingine.

Dhana: "hata hivyo" ni "lakini" ya heshima, kwa hiyo koma mbele yake inatosha.

Hili ndilo kosa linaloenea zaidi, na linaeleweka. Maneno yote mawili yanapinganisha mawazo. Mtu anaandika "Mkutano ulianza saa nne, lakini mwenyekiti hakuwepo", na sentensi iko sawa. Kisha anataka kuipa uzito wa kiofisi, anang'oa "lakini" na kupachika "hata hivyo": "Mkutano ulianza saa nne, hata hivyo mwenyekiti hakuwepo." Hapo sentensi imeharibika.

Sababu ni kwamba "lakini" ni kiunganishi kamili. Kinashika kishazi cha kushoto na cha kulia na kuvifunga pamoja, na koma inakisindikiza tu. "Hata hivyo" ni maelezo yaliyo ndani ya kishazi cha pili. Hayafungi chochote. Ushahidi ni kwamba yanahama: "Mwenyekiti, hata hivyo, hakuwepo." Au mwishoni kabisa: "Mwenyekiti hakuwepo, hata hivyo." Kiunganishi cha kweli hakitembei hivyo katika maandishi rasmi. Najua mtaani husema "yeye lakini hakuja", na katika mazungumzo hakuna ubaya. Kwenye kumbukumbu za kikao, "lakini" hukaa mpakani mwa vishazi.

Basi ikiwa "hata hivyo" haifungi, kitu kingine lazima kifunge, na kazi hiyo ni ya nukta-mkato: "Mkutano ulianza saa nne; hata hivyo, mwenyekiti hakuwepo." Kikomo nacho ni sahihi, na "Hata hivyo" inaanza kwa herufi kubwa. Ukisoma kurasa za Taifa Leo utakutana na mtindo huo wa kikomo mara kwa mara, nao unafaa habari za gazeti. Mimi huchagua nukta-mkato pale tu ninapotaka msomaji ayabebe mawazo mawili kwa mkono mmoja. Baada yake herufi ndogo inaendelea, isipokuwa neno linalofuata ni jina la pekee.

Kuna wanaojaribu kuliepuka tatizo kwa kuweka koma pande zote mbili: "Kikao kiliahirishwa, hata hivyo, wajumbe walilipwa nauli." Hapa msomaji hajui "hata hivyo" ni ya nani. Je, kikao kiliahirishwa licha ya jambo lililotajwa kabla? Au wajumbe walilipwa licha ya kikao kuahirishwa? Tazama nukta-mkato inavyolipa neno makao yake:

"Kikao kiliahirishwa; hata hivyo, wajumbe walilipwa nauli." Malipo ndiyo yanayoshangaza.

"Kikao kiliahirishwa, hata hivyo; wajumbe walilipwa nauli." Kuahirishwa ndiko kunakoshangaza. Labda sentensi iliyotangulia ilisema akidi ilitimia, na msomaji alitarajia kikao kiendelee.

Maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kilichohama ni alama tu, na habari imebadilika. Mkaguzi wa hesabu anayesoma sentensi ya kwanza atauliza swali kuhusu nauli. Anayesoma ya pili atauliza kwa nini watu waliofika walirudishwa.

Dhana: baada ya "hata hivyo" koma ni pambo, weka au acha upendavyo.

Kuna kiini cha ukweli ndani yake, na sipendi kukificha. Katika "Mkutano ulianza saa nne; hata hivyo mwenyekiti hakuwepo", koma ikikosekana hakuna atakayepotea. Wapo wahariri wanaoiacha katika sentensi fupi. Mimi naiweka kila mara, na sababu ni ile sentensi ya viti.

"Hivyo" ni neno lenye kazi zaidi ya moja. Linaeleza namna, yaani jinsi jambo lilivyo, na ndilo lililozaa "hata hivyo" ya kugeuza wazo. Wakati huo huo ni kionyeshi cha nomino za ngeli ya KI-VI katika wingi: viti hivyo, vyumba hivyo, vyeti hivyo, viwanja hivyo. Kila unapoandika habari za vitu vya ngeli hiyo, "hata hivyo" isiyo na koma inaweza kusomwa "hata hivyo vitu". Na hebu fikiria ni nyaraka ngapi za Nairobi zinazohusu viwanja, vyumba vya kupanga, vyeti na viwango vya kodi. Mwandishi anayeweka koma pale tu anapohisi utata atakosea siku moja, kwa sababu yeye anajua alichokusudia na utata hauonekani machoni pake. Anayeiweka kwa mazoea yuko salama.

Kuna njia ya kuugundua utata huo unapopitia rasimu. Badilisha "hata hivyo" kwa "walakini". Sentensi ikibaki na maana uliyoitaka, hiyo ni "hata hivyo" ya kugeuza wazo, na koma inaifuata. Kisha jaribu "hata vile". Ikikubali pia, sentensi yako ina milango miwili, na bila koma msomaji ataingia kwa wowote.

Dhana: basi kila "hata hivyo" ifuatwe na koma.

Hapana, na hapa kanuni ikishikwa kwa upofu inaleta kosa jipya. Kama kweli unamaanisha hata vile vya nyuma, koma itakuharibia: andika "hata hivyo vya nyuma" bila kitu katikati. Afadhali zaidi, taja nomino yenyewe, "hata hivyo viti vya nyuma", ili asiwepo wa kukisia.

Mahali pengine ni pale "hata hivyo" inapofuatwa na kitenzi chenye "-vyo-" ya namna: "Chakula kilikosa chumvi; hata hivyo kilivyokuwa, watoto walimaliza." Maana yake ni hata kikiwa katika hali ile. "Hata hivyo" na "kilivyokuwa" ni kitu kimoja, na koma inakuja baada ya kundi zima. Ukiikata "hata hivyo, kilivyokuwa", sentensi inavunjika shingo.

Na inapokaa katikati ya kishazi, koma ziwe mbili. "Mwenyekiti, hata hivyo hakuwepo" ina koma moja inayomtenga mwenyekiti na kitenzi chake bila sababu.

Dhana: nukta-mkato ni alama ya Kiingereza tuliyoletewa, Kiswahili hakiihitaji.

Alama hii katika umbo tunalolijua ilianza kuchapwa Venisi, katika miaka ya 1490, kwenye matbaa ya Aldo Manuzio, na maandishi ya kwanza kuitumia huko yalikuwa ya Kilatini. Waingereza nao waliipokea kutoka kwingine. Wala tatizo la koma si letu pekee: Kiingereza kina neno la kugeuza wazo ambalo likikosa koma linaweza kusomwa "vyovyote vile", na wahariri wao wanadai koma hiyo kwa sababu inayofanana na yetu.

Kanuni hiyo inatumika pia kwa ndugu za "hata hivyo" wanaoanza kishazi cha pili bila kufunga: "aidha", "zaidi ya hayo", "hivyo basi". Mbele yao nukta-mkato au kikomo, nyuma yao koma. "Bali", "ilhali" na "ingawa" hazimo katika kundi hili. Hizo hufunga zenyewe, kwa hiyo koma ikae mbele yake tu, na ile ya nyuma ("ilhali, mwenyekiti hakuwepo") ifutwe.