Vipindi vya podikasti vinavyokataa kufutika

Dada mmoja aliniletea simu iliyojaa. Alikuwa amefuta picha na video, lakini nafasi ilizidi kupungua. Nilipofungua programu yake ya muziki, upande wa vilivyopakuliwa, nikakuta vipindi 90 vya podikasti moja ya kila siku. Akashangaa: "Mbona vyote nimeshasikiliza, kaka? Na niliweka vijifute vikiisha."

Kweli aliweka. Ila chini ya kila kipindi palikuwa na mstari uliojaa karibu wote, na maandishi kwamba dakika 2 zimebaki. Shukrani za mwisho zikianza, yeye hurukia kipindi kinachofuata. Programu haijui kwamba umeridhika. Inachotazama ni alama ya "kimesikilizwa", na alama hiyo huja ukifika mwisho au karibu nao sana. Bila alama, hakuna kinachofutwa.

Tufanye hesabu. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kipindi cha nusu saa ni kama MB 29. Zidisha mara 90, unapata GB 2.6. Hiyo ni podikasti moja tu.

Tulivichagua vile vipindi tukaviwekea alama ya kimesikilizwa, vikaondoka. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya podikasti yenyewe nikaweka kikomo: vibaki vipya 3 tu. Kikomo hiki ndicho ninachokiamini zaidi, maana hakitegemei umefika mwisho au hukufika. Kama programu yako haina, jizoeze kuweka alama mwenyewe kabla ya kuruka.

Watu wengi pia huchanganya kufuata na kupakua. Ukifuata podikasti, programu inakuonyesha kipindi kipya kinapotoka, basi. Kupakua chenyewe ni swichi nyingine, na mara nyingi huwashwa kwa kila podikasti peke yake. Mimi huiwasha kwa zile ninazosikiliza siku ileile, tena kwa waifai pekee, ili bando lisiliwe usiku nikiwa nimelala. Na ukiacha kufuata, usidhani vilivyokwisha kupakuliwa vitaondoka navyo, rudi ukaangalie.

Kusafisha kumbukumbu ya muda nako hakugusi vipindi ulivyopakua kwenye programu nyingi. Yule dada alikuwa ameshafanya hivyo mara kadhaa bila kuona tofauti.

Aliniuliza kama kusikiliza kwa kasi ya 1.5 kungepunguza ukubwa. Hapana. Faili ni lilelile. Simu ndiyo inayobana muda wakati wa kucheza, na hulinda sauti isiwe nyembamba. Nusu saa inakuwa dakika 20, MB zinabaki 29. Ila kwa kasi hiyo, zile dakika 2 za shukrani zinapita kwa sekunde 80, na sasa huwa anaziacha ziishe.