Maji uliyoyavulia nguo, si lazima uyaoge: dhana potofu kuhusu kusitisha mradi

Dhana: Fedha zikishatumika nyingi, kuacha mradi ni kuzipoteza.

Ukweli ni kwamba fedha hizo zimekwisha kuondoka, uendelee au uache. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, ikikusudia kufikia zaidi ya ekari milioni 3 kwa takriban pauni milioni 25. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Mibuyu na mizizi ya vichaka ilivunja mitambo, na kiangazi udongo wa mfinyanzi ulikauka hata karanga zikawa hazichimbuliki. Swali la kuuliza wakati ule lilikuwa moja tu: kuanzia leo, kusafisha ekari moja kutagharimu kiasi gani, na ekari hiyo itatoa karanga za thamani gani? Mradi ulisitishwa Januari 1951, hasara ikiwa imefikia pauni milioni 36 hivi.

Dhana: Basi mradi wenye hasara ufungwe mara moja.

Hapa ndipo wengi waliokwisha kuelewa somo la kwanza hujikwaa. Tuseme ghala limeshakula shilingi milioni 90, limebakiza milioni 10 kukamilika, na likikamilika litauzwa milioni 40. Ukiliacha leo, kiwanja na vifaa, baada ya kumlipa mkandarasi fidia ya kuvunja mkataba, vitakuachia milioni 15. Kumaliza kunakupa milioni 30, kwa hiyo malizia, ingawa kwa jumla umepata hasara ya milioni 60. Lakini kama zilizobaki kutumika ni milioni 30, kumaliza kunakupa milioni 10 tu, na kuacha ndiko kwenye nafuu. Ile milioni 90 haikuingia popote katika ulinganisho huu.

Dhana: Walioanzisha mradi ndio wanaoujua, hivyo wao ndio waamue.

Watoe takwimu, lakini uamuzi uwe wa mtu ambaye jina lake halimo katika pendekezo la awali. Vigezo viandikwe kabla ya kazi kuanza, vikiwa na tarehe na kiasi: kwa mfano, mwisho wa msimu wa kwanza ikiwa haijapandwa hata robo ya ekari zilizolengwa, tunasimama. “Hali isipoboreka” si kigezo, kwani kila mwezi huwa na dalili fulani ya kuboreka. Siku ya tathmini ikifika, nyongeza ya muda itolewe tu kwa sababu inayotajika, kama mashine mpya iliyokwisha kujaribiwa katika udongo uleule.

Kila kilichojengwa nacho kipimwe peke yake. Bandari ya Mtwara, iliyoanzishwa kwa ajili ya karanga hizo, ilikamilishwa baada ya mradi kufungwa, na meli zinatia nanga hapo hadi leo.