Oili Inayopanda Badala ya Kupungua: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Petroli Ndani ya Oili ya Injini

Dhana: "Oili haipungui hata tone, injini yangu ni nzima."

Hii ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu inafika ikiwa na sura ya habari njema. Mtu anachomoa dipstiki, anaifuta, anairudisha, anaichomoa tena na kukuta oili iko pale pale kwenye alama ya juu, miezi mitatu baada ya sevisi. Pengine imeipita alama kidogo. Anafunga boneti akiwa ameridhika.

Ukweli ni kwamba oili haizaliani ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kiwango kikipanda, kuna kitu kimeingia: ama fundi alizidisha kipimo siku ya sevisi, ama maji ya rejeta yanavujia ndani, ama ni mafuta ya gari lenyewe. Kwa gari ambalo kazi yake ni kwenda kilometa mbili tatu na kuzimwa, mshukiwa wa kwanza ni petroli.

Inafikaje huko? Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kompyuta ya gari huziamuru injekta zimwage zaidi ya kawaida ili injini isizime. Sehemu ya petroli hiyo haiungui. Inatua kwenye kuta za silinda, inaosha utando wa oili uliopo, kisha inateleza kupita ringi za pistoni, ambazo nazo kwa wakati huo hazijatanuka zikabana sawasawa. Mwisho wake ni sampu. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hasa zenye tabo, huumwa zaidi na tatizo hili, kwa kuwa mpulizo wenyewe unaweza kuugonga ukuta wa silinda.

Gari likitembea muda wa kutosha, oili hupata moto, petroli nyingi huruka kama mvuke, na mvuke huo huvutwa kupitia mpira wa kupumulia wa injini na kurudishwa kuunguzwa. Likizimwa baada ya dakika sita, petroli inabaki. Kesho asubuhi inaongezewa nyingine.

Geji ya joto haisaidii hapa, maana inasoma maji, si oili. Maji yanaweza kufika joto la kazi ndani ya dakika chache huku oili ikiwa bado vuguvugu. Dereva anaona mshale uko katikati na kudhani injini imeshapata moto wote, kumbe oili ingehitaji dakika nyingine kumi au zaidi za mwendo.

Tuchukue mfano wa gari ambalo sampu yake inachukua lita 4. Kwenye dipstiki, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni milimita 20, na kitabu cha gari kinasema nafasi hiyo ni lita 1. Siku ya sevisi oili iliishia kwenye alama ya juu kabisa. Baada ya wiki kadhaa za safari fupi, iko milimita 6 juu ya alama. Milimita 6 kati ya 20 ni kama theluthi ya lita hivi, tuseme lita 0.3. Sasa ndani ya sampu mna lita 4.3, na 0.3 yake si oili. Hiyo ni karibu asilimia 7.

Ni makadirio tu, kwa sababu sampu haina umbo la ndoo na sehemu ya kilichoongezeka inaweza kuwa maji ya unyevu. Hata hivyo, makadirio hayo yanaegemea upande wa chini: kama injini imekula oili kidogo katika wiki hizo, petroli imeziba pengo lake, na kiasi halisi ni kikubwa kuliko kinachoonekana. Maabara zinazopima oili iliyotumika kwa kawaida huanza kutahadharisha petroli ikifika karibu asilimia 2, na asilimia 5 huhesabiwa kuwa hali mbaya. Kwa kiasi hicho, oili ya daraja la 30 inaweza kulegea hadi kufanya kazi kama ya daraja la 20. Wa kwanza kuumia ni beringi za shafti kuu, kuta za silinda na mnyororo wa taimingi.

Kipimo hiki hakina maana kama hakifanywi kwa namna ile ile kila mara. Chagua asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, na kama kitabu chako kinataka oili ipimwe ikiwa ya moto, fuata kitabu. Piga picha ya dipstiki siku ya sevisi. Bila picha hiyo, utabishana na kumbukumbu yako, na utashindwa.

Dhana: "Kilometa bado, kwa hiyo oili bado mpya."

Kibandiko cha sevisi kinasema oili ibadilishwe baada ya kilometa kadhaa, na gari la safari fupi huchukua mwaka mzima kuzifikisha. Mwenye gari anaona amebahatika. Lakini vitabu vingi vya magari vina ukurasa wa pili ambao hausomwi, wa matumizi magumu, na safari fupi zinazorudiwa zimo humo pamoja na kuvuta tela na kutembea kwenye vumbi. Mara nyingi mpaka unaotajwa ni safari zisizofika kilometa 8. Kwa matumizi hayo, muda wa kubadilisha hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu, na huhesabiwa kwa miezi pamoja na kilometa. Gari linalolala nyumbani na kwenda dukani tu si gari linalopumzishwa.

Dhana: "Nikiliacha lingurume kwanza, oili itapata moto."

Itapata moto polepole mno. Injini inayonguruma bila mzigo huzalisha joto kidogo, kwa hiyo muda wa kumwagiwa petroli ya ziada unarefuka badala ya kufupika. Ukitaka oili iwahi moto, ondoka mara injini inapotulia, kisha endesha kwa upole bila kukanyaga sana hadi mshale wa joto ufike mahali pake, na dakika kumi hivi zaidi kwa ajili ya oili.

Dhana: "Hili ni tatizo la nchi za theluji."

Baridi kali hulizidisha, hilo ni kweli. Mwaka 2018 Honda ilijikuta mashakani nchini China kwa sababu ya petroli kuingia kwenye oili za injini zake za lita 1.5 zenye tabo, na malalamiko mengi yalitoka maeneo ya baridi. Lakini kwa injini, nyuzi 30 za joto bado ni baridi, kwa sababu inataka kufanya kazi karibu na nyuzi 90. Mahali pa joto petroli hujikusanya polepole zaidi, lakini hujikusanya.

Dhana: "Oili mbaya huonekana kwa weusi."

Rangi haisemi lolote kuhusu petroli. Oili yenye petroli nyingi inaweza kubaki ya dhahabu, na ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa ikiwa nzima kabisa.

Pua ni bora kuliko jicho, kwa sharti moja: uwe umeinusa oili ya gari hilo hilo ikiwa mpya. Oili yoyote iliyotumika ina harufu kidogo ya mafuta. Unachotafuta ni petroli inayokupiga mara tu unapochomoa dipstiki au kufungua kifuniko cha kujazia. Ukiisugua kati ya vidole, ile iliyolegea huteleza na kudondoka upesi, ingawa kwa hilo vidole huhitaji uzoefu. Unaweza pia kuweka tone moja kwenye karatasi ya kuchujia kahawa na kuliacha hadi kesho. Mafuta mepesi husafiri mbali zaidi ya oili na kuacha duara jepesi pembeni. Karatasi hiyo inakupa fununu, haikupi asilimia. Wapo wanaowasha dipstiki kwa kiberiti waone kama itashika moto. Karibu na injini yenye petroli! Achana nao.

Ukikuta povu jeupe chini ya kifuniko, hilo ni maji. Kwenye gari la safari fupi mara nyingi ni unyevu uliokosa joto la kuukausha. Ila kama na dipstiki yenyewe ina rangi ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, usiwashe injini tena. Hiyo ni kesi nyingine.

Dalili inayochelewa ni taa nyekundu ya oili kupepesa injini ikiwa ya moto na imesimama ikinguruma, kisha kuzimika ukikanyaga mafuta. Kwa oili iliyolegea, presha hushuka hapo kwanza. Ukiiona, usisubiri sevisi.

Dhana: "Safari moja ndefu inamaliza kila kitu."

Nusu ya kweli. Saa moja ya mwendo mfululizo barabara kuu huondoa petroli nyingi, na ni vizuri kuifanya mara kwa mara. Sehemu nzito za petroli hazichemki kwa joto la oili, hubaki. Isitoshe, safari hiyo ina mtego: kiwango kinaweza kushuka ghafla. Gari la mfano wetu likirudi na oili ikiwa chini ya alama ya juu, maana yake injini ilikuwa inakula oili muda wote na petroli ilikuwa inaificha. Pima tena baada ya safari kama hiyo, na usiwe mbali na oili ya kuongezea.

Mimi ningeimwaga oili ya asilimia 7, filta na yote, kisha ningepima kila wiki. Ikipanda pole pole kama kwanza, tabia ya safari ndiyo chanzo. Ikipanda haraka, au ikipanda ilhali gari linatembea mbali, tafuta ugonjwa: injekta inayovuja, plagi isiyochoma, au thamostati iliyokwama wazi, ambayo huifanya injini isipate moto hata ukitembea. Mashine ya kusomea hitilafu ikionyesha `P0172`, kompyuta inaona mchanganyiko una mafuta mengi kupita kiasi, nayo inaweza kuwa injekta au mvuke wa petroli unaotoka kwenye oili yenyewe. Kwa hiyo badilisha oili kwanza, futa kodi hiyo ya hitilafu, uone kama inarudi kabla ya kununua spea.

Kwa dizeli zenye filta ya masizi, safari ndefu haiondoi karibu chochote, kwa kuwa dizeli haichemki kwa joto la oili. Injini nyingi za namna hiyo humwaga dizeli ya ziada ndani ya silinda ili kuchoma masizi ya filta, na ukizima gari katikati ya zoezi hilo, zoezi huanza upya siku nyingine, dizeli ikiendelea kushuka kwenye sampu. Mazda wameweka alama ya X kwenye dipstiki za dizeli zao za Skyactiv-D, juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo inamwagwa, hata kama kilometa za sevisi hazijatimia.