Tangazo la ukumbi wa harusi kwa sekunde thelathini: dhana potofu na ukweli wake

Wenye kumbi za harusi hapa Unguja na Pemba huleta redioni maelezo ya ukurasa mzima, wakaomba yasomwe kwa sekunde 30. Wanajua sana kumbi zao, lakini wana dhana tatu au nne kuhusu sekunde hizo ambazo huwagharimu fedha, na namna nyepesi ya kuzieleza ni kuchukua andiko moja la mfano na kulipima. Tuseme ukumbi uko Machomane, Chake Chake, na jina lake tuliache kuwa Fulani.

(ALA: ganuni na udi, bila maneno. Sekunde 2 kwa sauti ya juu, kisha zinashuka chini ya msemaji.)

SAUTI YA KIKE, mtu mzima (kwa utulivu, kama anayezungumza na mwenzake barazani): Shoga, siku ya kupamba imekaribia, na ua wa nyumba hauwatoshi wageni.

SAUTI YA KIUME (wazi, bila kupaza): Ukumbi wa Fulani, Machomane, Chake Chake. Watu mia nne wanakaa kwa nafasi, jenereta iko tayari umeme ukikatika, na mlango wa kina mama ni wao peke yao.

(KIMYA: nusu sekunde. Ala zinakatika kabisa.)

SAUTI YA KIUME (polepole zaidi): Ukilipa arubuni kabla ya tarehe kumi Januari, unapambiwa jukwaa la bibi harusi bure. Piga (nambari ya simu, mara moja, kwa mafungu).

(ALA: zinarudi kwa nusu sekunde na kuisha.)

Dhana: Sekunde 30 zinabeba maneno themanini.

Kipimo hiki kimetoka katika mifano ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi ni mafupi. Neno letu moja kama «hauwatoshi» lina silabi tano, na ndani yake mna sentensi nzima. Kwa hiyo tunahesabu silabi badala ya maneno. Msomaji anayesikika vizuri hutamka silabi kama sita kwa sekunde katika maelezo ya kawaida, na kama tano anapofika mahali ambapo msikilizaji anatakiwa akumbuke kitu. Andiko la hapo juu lina silabi 90 kabla ya kimya, nazo ni sekunde 15. Ofa ina silabi 36, yaani sekunde saba na kitu. Nambari ya simu yenye tarakimu kumi, pamoja na neno «piga», haipungui silabi 23, nazo ni sekunde tano nyengine. Ongeza ala za mwanzo, kimya na ala za mwisho, na utaona kwamba sekunde 30 zimejaa, ingawa ukihesabu maneno utapata takriban sitini tu, nambari ya simu ikiwa ndani.

Tarakimu ndizo zinazodanganya zaidi. Bei ya 1,850,000 huonekana fupi kwenye karatasi, lakini mdomoni inakuwa «milioni moja na laki nane na elfu hamsini», silabi 18, sekunde tatu kamili. Kila namba iandikwe kwa maneno kabla ya kuhesabu, na nambari ya simu isirudiwe, kwa sababu ukiirudia umetumia theluthi ya tangazo kwa tarakimu.

Dhana: Maelekezo ya sauti ni pambo, yatosha kuandika «kwa furaha».

Maelekezo ya sauti yanamwambia msomaji anazungumza na nani, kwa kasi gani, na asimame wapi. «Kwa furaha» haisemi lolote kati ya hayo, na matokeo yake ni mtangazaji anayepiga kelele kana kwamba anauza samaki mnadani. «Kama anayezungumza na mwenzake barazani» inampa mtu wa kumwangalia, na sauti inashuka yenyewe. Maelekezo hayo yawe ndani ya mabano na kwenye mstari unaoonekana tofauti, maana wapo waliosoma «ala zinashuka» hewani kwa sauti nzuri kabisa.

Vigelegele vinahitaji neno la peke yake. Kila mwenye ukumbi anavitaka, na anavitaka vitandazwe chini ya maneno yote. Lakini vigelegele ni sauti nyembamba ya juu, na huko juu ndiko zinakokaa sauti za s, sh na f, ambazo bila ya hizo «sita» na «tisa» hazitofautiani vizuri kwenye redio ndogo ya jikoni. Vikitumika, viwekwe mahali pasipo neno hata moja, kwa sekunde moja, badala ya ala za mwanzo. Ala zenyewe ziwe bila mwimbaji. Taarabu yenye maneno inashindana na msomaji, msikilizaji anaufuata wimbo, na juu ya hayo wimbo una mwenyewe ambaye lazima aombwe ruhusa.

Dhana: Ofa nzuri ni «punguzo la asilimia kumi mpaka mwisho wa mwezi».

Hapa ndipo tangazo linapouza au linapopotea. Asilimia kumi ya bei ambayo haikutajwa haimpi msikilizaji kitu cha kukamata, na ukitaka kuitaja bei, umeshaona inavyokula sekunde. Jukwaa la bibi harusi ni kitu ambacho mama wa bibi harusi anakijua na anaijua gharama yake, kwa kuwa amekwisha kuulizia kwa wapambaji. Ndiyo maana ofa ya mfano wetu ina kitu kimoja, sharti moja, ambalo ni kulipa arubuni, na siku moja ya mwisho.

Siku hiyo ya mwisho inataka uangalifu zaidi kuliko yote. Tangazo hurudiwa kwa wiki kadhaa, na «mwezi huu» ya siku ya kurekodi si «mwezi huu» ya siku ya kusikika. Kisha kuna swali la mwezi upi, kwani harusi zetu hupangwa kwa mwezi mwandamo: watu hukimbilia Shaabani kabla ya Ramadhani, au husubiri Mfunguo Mosi baada ya Idi. Ofa ya «kabla ya Ramadhani» inasikika vizuri, lakini ukumbi unaopokea arubuni unahitaji siku isiyotegemea mwandamo, hivyo tarehe ya kalenda ya ofisini ndiyo inayotamkwa. Kwa vile mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, tarehe iliyofaa mwaka jana huenda mwaka huu imeshaingia katikati ya msimu, na tangazo la zamani halichezwi tena bila kurekodiwa upya sentensi hiyo.

Dhana: Likizidi, fundi ataliharakisha kwenye kompyuta.

Anaweza, na kinachoharibika kwanza ni nambari ya simu, kwa kuwa ndipo konsonanti zinapobanana. Usomaji wa kwanza studio ukitoa sekunde 32, dawa ni kufuta. Ofa haiguswi, wala kimya kilicho kabla yake, kwani ndicho kinachomfanya aliyekuwa akikuna nazi anyanyue kichwa. Katika mfano wetu ningeondoa «watu mia nne wanakaa kwa nafasi»: ni silabi 14, zaidi ya sekunde mbili, na anayepiga simu ataiuliza idadi hiyo mwenyewe. Jenereta ningeiacha.