Bei iliyofutwa ikarudi: kashe tatu za katalogi ya bidhaa

Mteja alipiga simu akiwa mlangoni kwake. "Kaka, kwenye simu yangu dumu la mafuta la lita 20 ni elfu tisini na mbili. Huyu kijana wenu wa bodaboda ananidai tisini na nane." Nilifungua ukurasa wa bidhaa ile kwenye kompyuta yangu, na kweli ulisoma 92,000. Nikaingia kwenye hifadhidata: 98,000, imebadilishwa saa nne na dakika 14 asubuhi. Sasa ilikuwa saa sita na dakika 40 mchana. Kwa zaidi ya saa mbili duka letu la mtandaoni lilikuwa linatangaza bei moja na kutoza nyingine. Tulimtoza mama yule 92,000, kwa kuwa ndiyo bei tuliyomwonyesha.

Nataka kuifuata bei hiyo moja, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha tofauti ya mbinu tatu za kashe kuliko mchoro wowote niliowahi kuona.

Katalogi yetu ilikaa kwenye PostgreSQL, na mbele yake kulikuwa na Redis. Tulitumia mbinu ninayoiita kashe ya pembeni. Programu ikihitaji bidhaa, inaiuliza Redis kwanza. Ikikosa, inasoma hifadhidata, inaweka nakala kwenye Redis yenye muda wa kuishi wa saa sita, kisha inamjibu mteja. Bei ikibadilika, programu inaandika kwenye hifadhidata na kuufuta ufunguo wa bidhaa hiyo, ili msomaji atakayefuata alazimike kuchukua bei mpya.

```
UPDATE bidhaa SET bei = 98000, toleo = toleo + 1 WHERE id = 4417;
COMMIT;

DEL bidhaa:4417
```

Mpangilio huu una maana. Ukifuta kabla ya `COMMIT`, msomaji anaweza kupita katikati, akasoma bei ya zamani ambayo bado ndiyo halali, akairudisha kwenye kashe, na hakuna atakayekuja kuifuta tena. Sisi tulifuta baada ya `COMMIT`. Kwa hiyo dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba amri ya `DEL` haikufika, labda mtandao ulikatika. Hilo hutokea, na likitokea bei ya zamani inabaki mpaka muda wake uishe. Lakini Redis yenyewe ilinipa jibu tofauti:

```
TTL bidhaa:4417
(integer) 12840
```

Saa sita ni sekunde 21,600. Ukitoa 12,840, nakala ile ilikuwa na umri wa sekunde 8,760, yaani saa mbili na dakika 26. Nilipohesabu kurudi nyuma kutoka 12:40:07, nilifika 10:14:07. Logi ya mabadiliko ilisema bei ilibadilishwa 10:14:05. Kwa hiyo ufutaji ulifanyika, kisha sekunde mbili baadaye mtu mwingine akaweka bei ya zamani upya. Kama `DEL` ingekuwa imeshindwa, nakala ingekuwa imewekwa kabla ya 10:14:05. Hesabu hii ndogo ndiyo ninayoianza siku zote, maana inatenganisha makosa mawili ambayo kwa mteja yanafanana kabisa.

Bei ya zamani ilitoka wapi wakati hifadhidata ilikuwa na mpya? Ilitoka kwenye replika. Ili kuipunguzia kazi seva kuu, wasomaji wetu walipelekwa kwenye replika, na replika hupokea mabadiliko kwa kuchelewa kidogo. Siku nyingi kuchelewa huko ni milisekunde chache. Asubuhi ile kulikuwa na kazi ya kuingiza orodha kubwa ya msambazaji, na replika ikaachwa nyuma kwa sekunde kadhaa. Msomaji alikosa ufunguo kwenye kashe, akaiendea replika, akapewa 92,000 kwa nia njema kabisa, akaihifadhi kwa saa sita.

Hata bila replika tundu hili lipo. Msomaji anaweza kusoma bei ya zamani kwenye seva kuu, akasimama kidogo kwa sababu yoyote ile, mwandishi akaandika na kufuta, kisha msomaji akaamka na kuweka alichokishika. Tofauti ni kwamba replika iliyochelewa inalipanua tundu kutoka milisekunde hadi sekunde, na kwa bidhaa inayotazamwa kila sekunde hapo si bahati mbaya tena, ni jambo la kutarajiwa.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tuhamie kwenye mbinu ya pili, kuandika kwa kupitia kashe: anayebadilisha bei aandike hifadhidata na kashe pamoja, ndipo aambiwe kazi imekamilika. Inavutia, kwa sababu ufunguo hauwi mtupu na hivyo hakuna msomaji anayekosa. Tuliijaribu kwenye mazingira ya majaribio, tukaona kwamba tundu halikuzibwa, limehama tu.

Fikiria mfanyakazi wa bei na kazi ya kuingiza orodha wanaigusa bidhaa 4417 kwa wakati mmoja. Kwenye hifadhidata orodha inatangulia na 97,000, mfanyakazi anafuata na 98,000. Ya mwisho ni 98,000 na ndiyo sahihi. Lakini kuelekea Redis ujumbe wa mfanyakazi unafika kwanza, wa orodha unafika wa pili. Kashe inabaki na 97,000. Hifadhidata hupanga waandishi kwa kufuli zake, Redis hupanga kwa nani amefika, na hakuna muamala unaozifunga hizo mbili pamoja. Pia kama umeandika kashe kwanza kisha hifadhidata ikakataa, unatangaza bei ambayo haijawahi kuwepo. Kosa la kashe ya pembeni hujirekebisha muda wa kuishi ukiisha. Hapa watu wengi huondoa muda huo, kwa kuamini kwamba kashe iko sawa daima, na kosa linabaki mpaka bei ibadilishwe tena.

Kuna na gharama nyingine ambayo katalogi huilipa kuliko mifumo mingine. Orodha ya msambazaji ina maelfu ya bidhaa ambazo hakuna anayezitazama. Ukiandika kila moja kwenye kashe, zinajaza kumbukumbu, na Redis iliyowekwa `allkeys-lru` inaanza kutupa vitu kuzipisha, zikiwemo kurasa ambazo wateja wangezirudia dakika chache baadaye.

Dawa tuliyoichagua ilikuwa kubaki na kashe ya pembeni, ila tuache kufuta kwa upofu. Kila safu ya bidhaa ilikuwa tayari na namba ya toleo inayoongezeka kwa kila badiliko. Badala ya `DEL`, mwandishi anaacha alama: toleo jipya, data tupu. Na yeyote anayetaka kuweka kitu lazima apite kwenye skripti hii:

```lua
local sasa = redis.call('HGET', KEYS[1], 'toleo')
if not sasa or tonumber(ARGV[1]) >= tonumber(sasa) then
  redis.call('HSET', KEYS[1], 'toleo', ARGV[1], 'data', ARGV[2])
  redis.call('PEXPIRE', KEYS[1], ARGV[3])
  return 1
end
return 0
```

Redis huendesha skripti nzima bila amri nyingine kuingia katikati, kwa hiyo hakuna anayeweza kupenya kati ya kusoma toleo na kuandika. Turudi kwenye mafuta yetu. Bei inabadilika, toleo linakuwa 9, mwandishi anaweka 9 na data tupu. Msomaji anakuta data tupu, anaihesabu kuwa amekosa, anakwenda kwenye replika iliyochelewa na kurudi na toleo la 8. Skripti inamkataa. Mteja huyo mmoja ataona bei ya zamani mara moja, lakini haitahifadhiwa. Replika ikishafika, msomaji mwingine anakuja na toleo la 9 na anakubaliwa. Ndiyo sababu ya alama `>=` badala ya `>`.

Alama tupu tuliipa uhai wa dakika tano. Kipimo chake ni ucheleweshaji mkubwa kuliko wote uliowahi kuuona kwenye replika, ukiongeza nafasi ya kutosha. Ikiisha mapema, tundu linafunguka tena. Na kwa kuwa alama yenyewe inaweza kutupwa kumbukumbu ikijaa, au mwandishi akashindwa kuifikia Redis, muda wa kuishi wa data tuliupunguza kutoka saa sita hadi dakika 10. Wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2013 njia iliyo jirani na hii kwenye Memcached: anayekosa data hupewa tokeni ya biti 64, na ufutaji ukitokea kabla hajarudi tokeni yake inabatilika. Toleo lililomo kwenye safu ya hifadhidata lina faida moja zaidi kwetu, linamtambua msomaji wa replika aliyeanza baada ya ufutaji, ambaye tokeni yake ingekuwa bado halali.

Mambo mawili zaidi tuliyaongeza. Ukurasa wa malipo sasa unasoma bei kwenye seva kuu, unalinganisha toleo na lile alilolitazama mteja, na likitofautiana anaonyeshwa bei mpya kabla hajalipa, si mlangoni. Pili, kila dakika kuna kazi inayochukua funguo 200 bila mpangilio na kulinganisha toleo la kashe na la seva kuu. Badiliko lililofanyika sekunde chache zilizopita tunaliacha. Likizidi dakika moja bila kulingana, tunapigiwa kengele.

Mbinu ya tatu, kuandika baadaye, inaipokea bei kwenye kashe, inamjibu mfanyakazi "imehifadhiwa", kisha inaipeleka hifadhidata kwa mafungu. Kwa bei niliikataa bila majaribio. Redis iliyowekwa `appendfsync everysec` ikianguka inaweza kupoteza sekunde moja hivi ya maandishi, na nakala zake hupokea data kwa kuchelewa, kwa hiyo hata kuhamia replika ya Redis kunaweza kuacha nyuma maandishi yaliyokwisha kukubaliwa. Hilo angalau ni ajali. Linalonisumbua zaidi hutokea siku ya kawaida: hifadhidata inaikataa bei kwa sababu ni sifuri au msimbo wa bidhaa umejirudia, na aliyeiandika ameshafunga ukurasa na kwenda nyumbani. Hakuna wa kumrudishia kosa.

Tuliitumia mahali pamoja tu, kwenye idadi ya waliotazama bidhaa. `HINCRBY` inaongeza moja kwenye Redis, na kila sekunde 10 kazi moja inafanya `RENAME` ya ufunguo ule, inajumlisha kwenye PostgreSQL, kisha inafuta. Bidhaa iliyotazamwa mara 400 inakuwa `UPDATE` moja. Kazi ikifa baada ya kuandika na kabla ya kufuta, fungu lingehesabiwa mara mbili, kwa hiyo kila fungu lina namba yake inayohifadhiwa ndani ya muamala ule ule, na likirudi linakataliwa. Redis ikianguka tunapoteza watazamaji wa sekunde chache. Meneja wa stoo aliniuliza kama idadi ya madumu yaliyobaki nayo inaweza kupita njia hiyo. Nilimjibu hapana, mzee: dumu la mwisho likiuzwa kwa watu wawili, mmoja wao atapiga simu kama yule mama.